Kuandika riwaya kwa simu: uzoefu wangu na Markor

Ninaandikia programu iitwayo Markor kwenye simu ya Android. Ni ya bure, haina matangazo, haikulazimishi kufungua akaunti, na unaweza kuipakua kwenye F-Droid, duka la programu huria. Wengi wanaotafuta programu ya kuandikia kwa utulivu hutazama kioo tu: kiwe kitupu, vitufe vifichwe, rangi ipoe macho. Kwa makala ya maneno mia nane hayo yanatosha. Mwenye riwaya ya maneno 60,000 ana swali jingine la kuuliza kwanza, nalo ni maandishi yenyewe yanakaa wapi.

Programu nyingi za kuandikia huyaweka maandishi ndani ya hifadhi yao ya faragha. Siku simu imejaa ukaiondoa programu au ukafuta data zake, maandishi nayo huenda, isipokuwa kama yalishapandishwa mtandaoni. Markor haifanyi hivyo. Inaandika faili za kawaida za .md au .txt katika folda unayoiona na kuichagua mwenyewe. Usipochagua, zitakaa chini ya Documents. Ukiiondoa, faili zinabaki pale pale na programu nyingine yoyote ya maandishi itazifungua. Ndiyo sababu kwenye Android 11 na kuendelea inakuomba ruhusa ya kufikia faili zote. Ruhusa hiyo inatisha kuisoma, lakini bila hiyo haiwezi kufika kwenye folda yako.

Faida ya pili ya maandishi matupu ni wepesi. Neno la Kiswahili pamoja na nafasi inayolifuata huchukua takriban herufi sita na nusu, kwa hiyo sura ya maneno 2,500 ni kilobaiti 16 hivi na riwaya nzima haizidi 400 sana. Picha moja ya kamera ya simu ni nzito zaidi. Kujitumia kitabu kizima kwa barua pepe kila jioni hakuli bando, na kwa simu inayovuka na feri ya Likoni, Mombasa, asubuhi na jioni mfukoni mwa suruali, nakala iliyoko nje ya simu si jambo la hiari.

Anza kwa kufungua folda moja ya kitabu, kisha kila sura iwe faili yake. Ipe jina lenye tarakimu mbili: sura-01.md, sura-02.md, hadi sura-24.md. Ukiandika sura-1, siku ya kuunganisha sura-10 itapangwa kabla ya sura-2, nawe utavuna fujo. Kugawanya sura kuna sababu nyingine pia. Markor hupaka rangi alama za Markdown, zile alama ndogo kama # na * zinazogeuka vichwa na mlazo, unapoandika: vichwa rangi hii na mlazo rangi ile, na faili inavyorefuka ndivyo kazi hiyo inavyozidi. Kwenye simu ya bei ya chini utaijua mapema: unagonga herufi na inatokea baada ya kidole kuondoka. Hapo usiilaumu kibodi. Fungua menyu ya faili, uzime upakaji rangi kwa faili hiyo, na kama bado inavuta miguu, igawe mara mbili. Mimi sipitishi maneno 3,000 kwa faili.

Kibodi ndiyo msumbufu mkubwa kuliko meseji. Gboard, kibodi ya Google, ikiwa kwa Kiingereza peke yake itakurekebishia Kiswahili chako kimyakimya, na makosa ya aina hiyo hayaonekani upesi kwa sababu neno lililoingia ni neno halali, ila la lugha nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya Gboard, uongeze Kiswahili chini ya Languages, kisha uzime Auto-correction chini ya Text correction. Mapendekezo ya juu ya kibodi unaweza kuyaacha kwa majina marefu ya wahusika. Kwa rasimu ya kwanza mimi huyazima pia, maana jicho hupanda kuyasoma.

Sasa Markdown yenyewe. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu unapoandika kila kitu huonekana sawa, na kasoro hutokea siku ya kubadilisha faili kuwa PDF au Word. Aya hutengwa kwa mstari mtupu. Ukibonyeza kitufe cha kushuka mara moja tu, aya mbili zitaunganishwa kuwa moja. Ukianza aya kwa nafasi nne ili iingie ndani kama kitabuni, itachukuliwa kuwa msimbo wa kompyuta na kutoka kwa herufi za taipu. Mazungumzo yanayoanza kwa kistari na nafasi hugeuka orodha yenye vidoto. Tumia alama za kunukuu. Mtego mbaya zaidi uko kwenye kutenganisha matukio ndani ya sura:

```
Feri ilifika Likoni saa tatu usiku.
---
Asubuhi mlango ulikuwa wazi.
```

Vistari vitatu vikikaa chini ya sentensi bila mstari mtupu kati yao, maana yake ni kwamba maneno yaliyo juu yake ni kichwa cha habari. Aya nzima itatoka kwa herufi kubwa nene, na asiyejua atatafuta kosa kila mahali isipokuwa pale. Andika hivi:

```
Feri ilifika Likoni saa tatu usiku.

***

Asubuhi mlango ulikuwa wazi.
```

Bonyeza alama ya jicho kila unapomaliza sura. Itakuonyesha jinsi faili itakavyosomeka, na mitego yote hii huonekana hapo kwa mtazamo mmoja.

Kuhusu kuhifadhi, Markor huhifadhi unapotoka kwenye faili au unapohamia programu nyingine, kwa hiyo simu kupigiwa katikati ya sentensi si hatari. Hatari ni betri kukata ghafla huku faili ingali wazi: yaliyoandikwa tangu uhifadhi wa mwisho yanaweza kupotea. Kwa kuwa stima yetu haina ahadi, gusa alama ya kuhifadhi kila mwisho wa aya ndefu, na betri ikifika asilimia 10 funga kabisa. Jambo jingine, Markor haiweki matoleo ya zamani. Ukifuta kurasa tatu, ukatoka, ukarudi kesho, hakuna pa kurudia. Kabla ya kuandika sura upya, inakili kwenye folda ndogo inayoitwa zamani. Asiyejiamini na kazi hiyo ajaribu Pure Writer, ambayo huweka historia ya maandishi yenyewe. Ila usisahau kutoa nakala zako nje.

Kwa upande wa kutosumbuliwa, nisiseme uongo, Markor si nadhifu. Ina safu ya vitufe juu ya kibodi na mstari wa jina la faili juu kabisa, na kibodi ikifunguka unabaki na karibu nusu ya kioo. Utulivu wenyewe unatoka kwenye simu. Washa Do Not Disturb na uwaruhusu watu wawili watatu wapite (mama akipiga usipopokea, sura haitaendelea vyovyote). Kisha tafuta App pinning kwenye mipangilio ya usalama, uiwashe, ufungue orodha ya programu za karibuni na uibane Markor. Ikishabanwa, pazia la arifa halishuki na huwezi kuruka kwenda kwingine bila kuibandua kwa makusudi. Hatua hiyo moja ndogo inatosha kukukumbusha kwamba hukuwa na shughuli kule.

Rangi nyeusi ya kioo inasifiwa kuliko inavyostahili. Inaokoa betri kwenye vioo vya AMOLED tu, kwa sababu huko nukta nyeusi haiwaki. Kwenye LCD taa ya nyuma inawaka vilevile. Na ukikaa ufukweni Mama Ngina saa tisa alasiri, maandishi meupe juu ya weusi hayasomeki, kioo kinageuka kuwa kioo kweli na unajiona uso. Tumia weusi juu ya weupe na uongeze ukubwa wa herufi. Simu iliyochomwa na jua hujipunguzia mwanga yenyewe ili ipoe, kwa hiyo mwanga ukishuka ghafla na kukataa kupanda, tafuta kivuli.

iA Writer ndiyo inayotajwa sana katika mazungumzo haya, na ule uwezo wake wa kufifisha kila kitu isipokuwa sentensi unayoandika ni mzuri kweli. Ni ya kulipia, na mwaka 2024 wenyewe walitangaza kusimamisha kazi ya toleo la Android. Mwenye iPhone anaweza kuifikiria. Google Docs naitumia kwa kuhaririwa na wengine. Kwa kuandikia ina vitu vingi mno kiooni, na usipokumbuka kuweka Make available offline kwenye hati husika, siku bando limekwisha utaikosa.

Inabaki kazi ya kuitoa riwaya kwenye simu. Msomaji wa kawaida mtumie PDF moja kwa moja kutoka Markor. Mhariri atataka faili ya Word. Kwenye kompyuta yenye Linux au Mac, nakili folda, ingia ndani yake, na Pandoc, programu ya kubadilisha faili kutoka aina moja hadi nyingine, itaunganisha sura kwa mpangilio wa majina:

```
pandoc -f markdown-smart sura-*.md -o riwaya.docx
```

Folda ya zamani haiguswi na amri hii, na ndiyo maana nakala hukaa humo. Kama huna kompyuta, nenda saiba: tangu 2024 Google Docs inaweza kufungua faili ya Markdown kutoka Drive, ukaishusha kama Word. Ni sura moja moja, inachosha, lakini inafanya kazi.

Lile neno smart lenye kistari kwenye amri lina sababu ya Kiswahili kabisa. Bila hilo, Pandoc hugeuza kila alama ya kunukuu na ya ng' iliyonyooka kuwa iliyopinda, na ng'ombe, ng'ambo na king'ora zote zinabadilika. Kwa macho tofauti haionekani upesi. Lakini mhariri akikurudishia sura ukainakili tena Markor, sasa una ng'ambo za aina mbili katika kitabu kimoja, na ukitafuta kwa kuandika alama ya kibodi yako utapata nusu tu. Kama sura imekwisha kupinda, ifungue kwenye kompyuta na ubadilishe alama zote mara moja kabla ya kuirudisha kwenye simu.