Uzoefu wangu: jingo la bando la wanafunzi tuliloandikiwa mara mbili

Mwaka jana nilipewa kazi ya kusimamia tangazo la redio la bando la wanafunzi katika kampuni ya simu ninayoifanyia kazi, na kwa kuwa hatuna mtunzi wa ndani, tuliagiza jingo la sekunde 15 kutoka studio moja inayouza maneno, sauti na ala kwa pamoja. Ninaandika mapitio haya kama mteja aliyelipia huduma hiyo, akarushiwa wimbo hewani, akauondoa baada ya wiki tatu, kisha akaurudisha kwa watunzi walewale. Sitaitaja studio wala kampuni, na namba za menyu ninazoziandika hapa nimezibadilisha bila kubadilisha tatizo lake.

Jingo la kwanza lilipendeza masikioni tulipolisikiliza ofisini kwa spika nzuri. Ala zilikuwa na kasi ya mapigo 128 kwa dakika, sauti ya binti aliyeimba ilikuwa changamfu, na mwisho wake uliitaja namba ya kupiga:

```
*769*4#
```

Binti aliiimba hivi: «Nyota saba sita tisa, nyota nne, reli!» Sote tuliitikia kwa vichwa, mimi nikiwa wa kwanza. Wiki ya pili wenzetu wa huduma kwa wateja wakaanza kuuliza kwa nini wanafunzi wanalalamika kwamba namba ya tangazo haifunguki, ilhali menyu yenyewe ilikuwa ikifanya kazi bila hitilafu yoyote.

Nilifanya jaribio ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kulipa nusu ya pili ya malipo. Niliwaita wanafunzi 20, nikawachezea jingo mara mbili kwenye spika ya simu ya kawaida, watu wakiwa wanapiga soga kando, kisha baada ya dakika kumi nikamwomba kila mmoja aiandike namba kwa kumbukumbu. Walioipata sawa walikuwa saba tu. Wengi wa waliokosea waliandika 796 badala ya 769, na wachache waliiacha ile 4 wakaruka moja kwa moja hadi reli.

Kosa hilo halikutokana na uzembe wao, kwa sababu ukitamka «sita» na «tisa» utaona kwamba ni konsonanti zilezile zilizobadilishana nafasi, na spika ndogo inapomeza konsonanti katikati ya kelele kinachobaki sikioni ni irabu tu, yaani i na a, kwa maneno yote mawili. Nimezipitia tarakimu zote kuanzia moja hadi tisa kwa namna hiyo, na hakuna jozi nyingine inayolingana kiasi hicho: «moja» ina o na a, «mbili» ina i mbili, «saba» ina a mbili, «nane» ina a na e. «Tatu» na «tano» zinakaribiana, lakini u na o za mwisho huzitofautisha zikiimbwa kwa kuvutwa kidogo. Kuziweka sita na tisa ubavu kwa ubavu ndani ya jingo ni kumtega msikilizaji.

«Nne» ina udhaifu wa aina yake. Mkazo wa neno hilo uko kwenye ile n ya kwanza, nayo ni sauti ya puani isiyopenya vizuri juu ya ngoma. Mwimbaji wetu alilazimika kuimba «enne» ili apate pa kushika, na hata hivyo ilizama.

Namba haikuwa kasoro pekee. Mstari wa kwanza ulikuwa «Kifurushi cha mwanafunzi kimekuja kukuokoa», ambao kwenye karatasi hauna ubaya wowote, isipokuwa una mizani 18. Kwa kasi ya mapigo 128, sekunde 15 zinatoa mapigo 32, na ukigawa kila pigo mara mbili unapata nafasi 64 za silabi, kwa hiyo katika mistari minne kila mstari una nafasi 16. Mizani 18 katika nafasi 16, bila hata pumzi, ndiyo iliyofanya silabi zirundikane na pigo likaangukia «na» badala ya «fu», tukasikia «mwaNAfunzi». Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo likiupinga mkazo huo, mwanafunzi hauimbi wimbo bali huuigiza kwa dhihaka, jambo ambalo nililishuhudia kwa masikio yangu kwenye foleni ya chakula.

Nilirudi studio nikiwa nimekwisha kuzungumza na mafundi wetu, ambao walikubali kufungua namba ya pili inayoelekea kwenye menyu ileile. Hili ndilo ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote katika uzoefu huu: namba ya kuimbwa ichaguliwe kwanza, halafu ndipo mtunzi aanze kazi. Tuliichagua kwa sikio, tukaepuka sita, tisa, nne na pia sifuri, ambayo ina silabi tatu na huvuruga hesabu:

```
*75*2#
```

Mtunzi, ambaye kwa haki nasema ni fundi akipewa maelekezo, alirudi baada ya siku mbili na maneno haya:

Noti zimegoma, bando limekata,
Usikune kichwa, dawa utapata:
Nyota saba tano, nyota mbili, reli!
Sasa umerudi darasani kweli!

Kila nusu ya mstari ina mizani sita, kwa hiyo zinabaki nafasi mbili za kupumua kabla ya nusu inayofuata. Silabi ya tano ya kila nusu ndiyo yenye mkazo, na huangukia juu ya pigo: «goma», «kata», «kichwa», «pata». Mstari wa namba unafuata hesabu hiyohiyo bila kusukumwa, na kina cha «reli» kinajibiwa na «kweli», hivyo anayesahau mwisho wa namba hukumbushwa na mstari unaofuata. Utani wa «noti zimegoma» ni wa mtunzi mwenyewe, nami nisingeufikiria.

Nilirudia jaribio kwa wanafunzi wengine 20, spika ileile na kelele zilezile, wakapata 18.

Lawama yangu kwa studio ni kwamba toleo la kwanza lilipita mikononi mwa watu watatu bila yeyote kulisikiliza nje ya chumba cha kurekodia. Vilevile hawakuacha nafasi ya maneno ya vigezo na masharti, ambayo kwetu ni ya lazima na hula karibu sekunde mbili na nusu, kwa hiyo tuliyabandika baada ya wimbo na tangazo likawa refu kuliko muda tulioununua. Marekebisho hayakutozwa malipo ya ziada, ingawa ilinibidi niombe mara mbili. Ala tupu bila sauti, tulizozihitaji kwa matangazo ya kusomwa, zilifika zikiwa zimechelewa wiki nzima.

Kwa sasa jingo la pili bado liko hewani. Wanafunzi wameshalibadilisha mstari wa mwisho, wanaimba «Sasa umerudi kitandani kweli!», na mwenzangu mmoja alitaka tuandike barua ya kuwakataza. Nilimwomba asikilize mstari wa tatu wanavyouimba. Namba hawajaigusa.