Bei ya shilingi ilinidanganya, nikalipa zaidi

Mota ya cherehani yangu iliungua miezi kadhaa iliyopita, na hapa Kigoma sikupata ya aina yake. Nikaiagiza kwenye duka la mtandaoni la ng'ambo. Mota yenyewe ni nzuri, sina neno nayo. Hasira yangu iko kwenye malipo.

Bei ilikuwa dola 48. Kabla ya kulipa, duka likaonyesha TZS 136,800, na alama ya kuchagua shilingi ilikuwa imeshawekwa. Nilifurahi, maana nilijua kabisa kitakachotoka kwenye kadi. Nikabonyeza.

Kesho yake ujumbe wa benki ukasema 139,536. Nikaenda tawini nikiwa nimewaka. Dada wa kaunta akanieleza: "Duka liko nje, kwa hiyo kwetu ni malipo ya nje hata yakija kwa shilingi. Makato ya asilimia 2 yako palepale." Kisha akanionyesha kwamba siku ile kadi zao zilikuwa zinabadilisha dola moja kwa shilingi 2,640.

Nikagawanya 136,800 kwa 48, nikapata 2,850. Yaani duka liliniuzia kila dola kwa shilingi 210 zaidi! Ningelipa kwa dola, ingekuwa 126,720, na pamoja na makato ya benki 129,254. Nimepoteza zaidi ya elfu kumi kwa kubonyeza tu, na elfu kumi ni pesa ya kushona.

Nikawaandikia wale wa duka. Aliyenijibu hata salamu hakuitoa. Akaandika kwamba nilikubali mwenyewe kiwango chao, na kwamba kilikuwa kimeandikwa. Kweli kilikuwepo, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Lakini alama niliikuta imeshawekwa, mimi sikuiweka! Jibu lile limeniuma kuliko pesa yenyewe.

Niseme haki: kulipa kwa dola nako kuna wasiwasi wake. Majuzi niliagiza vipuri vya cherehani kwa dola, benki ikashikilia kiasi kimoja, na baada ya siku chache kiasi cha mwisho kikapanda kidogo kwa sababu dola ilikuwa imepanda. Na kama benki yako ina kiwango kibaya kuliko cha duka, shilingi inaweza kuwa nafuu. Kwa hiyo siwezi kumwambia kila mtu alipe kwa dola. Gawanya kwanza bei ya shilingi kwa bei ya dola, halafu uliza kiwango cha kadi yako, siyo kile cha noti kilichobandikwa kaunta.

Nilitaka kuandika kwamba duka hili silirudii. Lakini mota inafanya kazi vizuri mno, na vipuri vyao sivipati Mwanga wala Ujiji. Jana nimeingia tena kutafuta mkanda, nikachagua dola. Nilipofika ukurasa wa kulipa, alama ilikuwa imerudi kwenye shilingi.