Nilicholipia: muhtasari wa simu ya matokeo ya kampuni

Nimetumia huduma hii kwa robo nne. Unawatumia rekodi ya simu ambayo wakuu wa kampuni huwaelezea wawekezaji matokeo ya fedha, nao wanakurudishia kurasa mbili: tarakimu kuu na tahadhari. Hisa zangu ni chache, na kusikiliza saa nzima ya wakurugenzi wakijisifu ni adhabu.

Nilichokipenda ni kwamba kila tarakimu ina dakika yake pembeni. Ukiitilia shaka, unaenda pale pale kwenye rekodi na kusikia mwenyewe. Hilo ndilo lililoniokoa.

Muhtasari wa mwisho wa mwaka ulisema mauzo yamepanda kutoka milioni 500 hadi 560, na faida kutoka 40 hadi 48. Kwenye tahadhari palikuwa na mstari mmoja tu, kuhusu ushindani. Nikakaribia kuongeza hisa. Lakini niligundua dakika zote zilizotajwa ziliishia ya 25, wakati rekodi ina dakika 58. Maana yake aliyeandika alichukua hotuba zilizoandaliwa, akayaacha maswali ya wachambuzi, na humo ndimo wakuu wanapobanwa.

Nikasikiliza. Dakika ya 41 mchambuzi anauliza kwa nini madeni ya wateja, yaani pesa ambazo wateja bado hawajailipa kampuni, yametoka milioni 90 hadi 150. Mkuu wa fedha anajibu kwamba ni suala la muda tu, kisha anahamia habari nyingine. Piga hesabu: mauzo yameongezeka milioni 60, na madeni yameongezeka milioni 60 zile zile. Ukigawanya madeni kwa mauzo ya mwaka na kuzidisha kwa siku 365, mwaka uliotangulia kampuni ilikuwa ikingoja malipo siku 66 hivi. Sasa ni 98. Nilipofungua taarifa yenyewe ya fedha, taslimu kutokana na shughuli za biashara ilikuwa imeshuka kutoka milioni 45 hadi 6. Faida ipo kwenye karatasi, pesa bado iko kwa wateja. Huenda ni mteja mmoja mkubwa aliyechelewa, huenda mauzo yalisukumwa mwishoni mwa mwaka kwa mkopo wa masharti laini. Simu haikusema, na mimi sikununua.

Kulikuwa na jingine dogo. Robo iliyotangulia wakuu wa kampuni walitaja makadirio ya ukuaji wa asilimia 10. Safari hii wakasema tu wana “matumaini”. Muhtasari ukaandika matumaini hayo bila kugusia kwamba tarakimu imeondolewa.

Nililalamika kwa wenye huduma. Walijibu kwa adabu, wakanitumia toleo jipya lenye sehemu ya maswali, safari hii jibu la mkuu wa fedha likiwa limenukuliwa neno kwa neno. Hilo lilikuwa zuri kweli. Nawapa nyota tatu kati ya tano, na nimebaki nao, ila sasa kabla ya kusoma chochote naangalia dakika ya mwisho iliyotajwa.