Uko Mtwara, mwajiri yuko Berlini: sheria ya nani?

Dada mmoja wa Shangani, Mtwara, ameajiriwa mwaka mzima na kampuni ya Berlini yenye wafanyakazi 8. Mkataba umechagua sheria ya Kijerumani. Sasa ameachishwa bila sababu.

Kwa Ujerumani peke yake, amebanwa: sheria yao ya kuzuia kuachishwa ovyo kwa kawaida haigusi kampuni isiyozidi watu 10. Sheria ya Ajira ya Tanzania ya 2004 haijali ukubwa wa kampuni. Akishapita miezi 6, lazima pawe na sababu halali. Na kanuni ya Ulaya ya Roma I, kifungu cha 8, inakataza chaguo la mkataba kumpokonya kinga ya nchi anakofanyia kazi. Mimi ningeshika ya Tanzania, nikiwahi CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Ugumu ni kukazia uamuzi wa CMA: kampuni haina mali hapa.