Nilizima seva kila jioni ili niokoe pesa, na kuzima huko ndiko kukaniletea bili

Nyota moja. Niliandika mbili, nikafuta, na huenda nikabadilisha tena kabla sijamaliza kuandika hapa, kwa sababu kila nikiifungua ile bili damu inachemka upya.

Kampuni siitaji. Ni mojawapo ya hizi kubwa za wingu zinazompa mwanafunzi akaunti ya bure; yangu ilinipa saa 750 za seva ndogo kila mwezi. Mengine mnaweza kuyasoma wenyewe kwenye ukurasa wao. Mimi nina neno na kitu kimoja tu, anwani ya IP ya kudumu, na jinsi ilivyoniletea deni la shilingi 905 huku nikijiona mjanja.

Wengi wetu tunaosomea hii kazi hapa Nairobi tuna tabia ya tokeni za stima: ukitoka, unazima. Basi seva nayo tunaizima jioni. Na hapo hesabu haijafanywa. Mwezi mrefu kabisa una siku 31, na 31 mara 24 ni saa 744. Posho ni saa 750. Yaani seva moja ndogo inaweza kuwaka mwezi mzima usiku na mchana isizidi bure yake. Kuizima hakuokoi hata senti. Saa huanza kukuponyoka ukiwa na seva mbili pamoja, kwa kuwa zote mbili zinakula posho ileile, na inaisha mnamo tarehe 16.

Sasa madhara ya kuzima ndiyo haya. Seva ikizimwa, anwani yake ya IP inarudi kwa kampuni. Ukiiwasha asubuhi inapewa nyingine, na SSH yako, ile njia ya kuingia kwenye seva kwa amri za maandishi, iliyozoea anwani ya jana inabaki kugonga mlango wa jirani. Kila video ya mafunzo itakwambia dawa ni kuhifadhi anwani ya kudumu, na kweli ni mibofyo miwili tu, hakuna onyo lolote jekundu. Lakini anwani hiyo ina bei: nusu senti ya dola kwa saa, yaani 0.005. Ikiwa imeshikana na seva inayowaka, posho ya bure inaibeba. Seva ikizimwa, anwani inahesabiwa kuwa imeshikwa bila kazi, na posho haiigusi. Nadhani mnaona mtego ulipo. Unalipishwa saa zile zile unazolala ukiamini umeokoa.

Seva yangu iliwaka kama saa 8 kwa siku na kulala 16. Saa 16 mara siku 30 ni 480, mara 0.005 ni dola 2.40. Huo ni mwezi wa kwanza. Mwezi uliofuata zoezi la darasa liliisha, nikaifuta seva kabisa, nikajua nimemalizana nao. Kumbe kufuta seva kunaitenganisha tu ile anwani na seva, hakuirudishi kwa kampuni. Ikakaa kwenye akaunti yangu peke yake saa zote 720, dola 3.60. Jumla dola 6, weka VAT ya asilimia 16 inakuwa 6.96, na kwa dola ya shilingi 130 hapo ndipo 905 zinapotoka. Kwa tajiri si kitu. Kwangu ni chapo madondo za wiki nzima.

“Si ungeweka kengele ya bajeti?” Niliweka! Niliiweka dola 5 kama video ilivyosema. Bili ya kwanza pamoja na kodi ilikuwa 2.78, ya pili 4.18. Zote zikapita chini ya kengele kama paka chini ya meza. Kama uko kwenye akaunti ya bure, kengele yako iwe senti moja, 0.01, kwa sababu kiasi unachotarajia kulipa ni sufuri, na chochote juu ya sufuri ni habari. Kwa senti moja, anwani iliyolala ingeligusa kengele baada ya saa mbili. Barua pepe yenyewe ingechelewa, maana hesabu za bili hazijazwi papo hapo. Inaweza kuchukua saa kadhaa hata siku nzima. Na kengele ni kengele tu: inakupigia kelele, haizimi kitu. Hata kuacha kadi yako bila pesa hakukati deni. Malipo yakikataliwa, deni linabaki kwenye akaunti, na akaunti inaweza kufungwa na kazi yako ikiwa ndani.

Kilichonikasirisha hasa si hizo pesa. Ni kwamba niliingia kwenye dashibodi kutafuta kinacholipisha nikakuta ukurasa mweupe: seva sufuri, diski sufuri, anwani sufuri. Dashibodi ile inakuonyesha eneo moja tu kwa wakati, yaani vituo vya data vya sehemu moja ya dunia. Mimi nilikuwa natazama eneo la Ulaya, na ile anwani niliihifadhi siku ya kwanza kabisa, wakati dashibodi ilikuwa imejifungulia Marekani yenyewe. Haikufutwa, wala haikuonekana. Na kuzunguka eneo moja baada ya lingine kwa bando ni mateso, kwa sababu kila ukurasa wa dashibodi unavuta megabaiti kadhaa, na waifai ya hosteli jioni inagawanywa na watu wote wanaotazama mpira.

Njia fupi, na hii ningeambiwa mapema nisingeandika haya yote: usianze kwenye ukurasa wa seva. Anza kwenye bili, uipange kwa aina ya matumizi, kisha kwa eneo. Bili haina siri ya maeneo. Mstari wangu ulikuwa umekaa chini ya mtandao, si chini ya seva, na jina la eneo limeandikwa pembeni. Hapo unabadilisha eneo mara moja tu, unaenda moja kwa moja kwenye anwani, unaitenganisha na seva kama bado imeshikana, halafu unaiachia irudi kwa kampuni. Ni vitendo viwili tofauti. Ukifanya cha kwanza peke yake umezidisha tatizo, kwa sababu sasa hata seva ikiwaka anwani imelala. Ukiwa hapo hapo angalia diski zilizobaki na nakala za diski, nazo hufa kifo chake pekee, huenda zisiifuate seva kaburini usipoziambia.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Swali langu lilikuwa sentensi moja: nalipishwaje mtandao na sina seva? Jibu: “Mpendwa mteja, usimamizi wa rasilimali ulizofungua ni jukumu lako.” Kisha viungo sita. Wakaongeza wanataka picha za dashibodi za kila eneo kuthibitisha kwamba nimesafisha. Kila eneo! Bando hilo wangenilipia wao? Hapo ndipo nyota zilishuka kutoka tatu hadi moja.

Haya, niwe mkweli. Siku mbili tatu baadaye akajibu mwingine, mwungwana, hakutaka picha hata moja. Aliangalia mwenyewe, akasema anwani imeachiwa, akafuta deni lote. Kwa hiyo hizo shilingi 905 sikuzilipa mwisho wake. Nyota mbili basi. Lakini mbona kitufe cha kuhifadhi anwani hakina bei pembeni yake? Kama mama mboga anaweza kuandika bei ya sukuma kwenye katoni, kampuni ya mabilioni inashindwaje?

Ninavyofanya sasa: seva moja, nimeiacha iwake, sina anwani ya kudumu. Anwani ya kawaida haibadiliki seva ikiwashwa upya kwa `sudo reboot`, inabadilika ukiizima kabisa kisha kuiwasha. Na dashibodi yenyewe sifungui labda mara moja kwa wiki, kutazama bili. Kazi yote iko kwenye SSH, ambayo ni maandishi matupu na inakula kilobaiti. Kitu kizito kama programu au data ya mazoezi kinashushwa na seva yenyewe kwa `wget`, kikipita kwa mtandao wao; data inayoingia kwenye seva haitozwi, na bando langu haliguswi. Kosa la kawaida ni kukishusha kwenye laptopu kwanza halafu kukipandisha. Hapo umekilipia mara mbili.

Mtandao ukikatikakatika, weka hii kwenye `~/.ssh/config`:

```
Host wingu
    HostName 203.0.113.25
    User ubuntu
    ServerAliveInterval 30
    ServerAliveCountMax 6
    Compression yes
```

Anwani hiyo ni ya mfano, weka yako. Laptopu itaigusa seva kila sekunde 30, na itakata tamaa baada ya miguso sita bila jibu, yaani dakika tatu. Kukatika kurefu zaidi ya hapo kunahitaji `tmux`. Ukiingia, andika:

```
tmux new -A -s kazi
```

Ulichokianzisha humo kinaendelea kwenye seva hata laptopu ikizimika na stima. Ukirudi, amri ileile inakurudisha pale pale.

Kuna jambo moja litakalowasumbua watu wa bando za simu. Kwenye fayawoli ya seva, mafunzo yanasema ufungue mlango wa 22, ambao SSH hupitia, kwa anwani yako tu. Ushauri mzuri, lakini anwani yako ya simu inabadilika, na ukihama kutoka waifai kwenda data ya simu imebadilika tayari. Utajuaje ni hilo? Soma kosa lenyewe. `Connection timed out` ni fayawoli imekunyamazia, au anwani ya seva si ile tena. `Connection refused` umefika kwenye mashine lakini SSH haijawaka. `Permission denied (publickey)` mtandao uko sawa kabisa, shida ni ufunguo au jina la mtumiaji. La kwanza likitokea, badilisha anwani kwenye kanuni ya fayawoli. Usifanye niliyoyaona kwa wenzangu wawili darasani: waliifuta seva, wakaunda nyingine, na ile ya zamani ikaacha diski nyuma.

Mwezi huu bili inasoma 0.00. Lakini juzi nimepata barua yao yenye kichwa kwamba ofa yangu ya bure inakaribia kuisha, na tarehe wameificha nyuma ya kiungo kinachofungua dashibodi. Narudi kwenye nyota moja.