Taa ipi ununue ili chumba kisipungue mwanga: soma lumeni, wati ziache kwa mita

Mama mmoja wa Chikongola, hapa Mtwara mjini, aliniita baada ya tyubu ya futi nne ya sebuleni kwake kuzima kabisa. Badala yake alikuwa amenunua balbu ya LED iliyoandikwa wati 20, akaifunga kwenye holda ya katikati ya dari. "Fundi, dukani waliniambia hii inashinda tyubu. Mbona watoto wanasoma wamekodoa macho?"

Kabla sijapanda ngazi nilimwomba tuzime kila kitu ndani, friji pamoja na chaja za simu, tuache balbu ile peke yake. Nikasimama mbele ya mita ya LUKU na saa ya simu. Mita ile imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kijitaa chake chekundu kinapepesa mara 1,000 kwa kila uniti moja. Kwa mita ya aina hiyo, gawanya 3,600 kwa sekunde zinazopita kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, utapata wati. Balbu ya wati 20 ya kweli ingepepesa kila baada ya dakika tatu. Ile ilichukua dakika tano. Sekunde 300, yaani wati 12.

Kwa hiyo mama alikuwa ameuziwa namba. Lakini hata kama wati 20 zingekuwa za kweli, asingejua kama mwanga unatosha, kwa sababu wati hazipimi mwanga. Wati ni kile taa inachokula. Inachotoa kinapimwa kwa lumeni, na kwenye boksi huandikwa lm. Ukigawa lumeni kwa wati unapata kipimo cha ufanisi: kila wati moja inakuzalia lumeni ngapi.

Balbu ya zamani ya waya unaowaka, ya wati 100, hutoa lumeni kama 1,300. Hiyo ni 13 kwa wati, na nguvu karibu yote iliyobaki inakuwa joto. Ndiyo maana ukiigusa unaungua. Enaji seva ile ya kioo kilichojikunja hutoa kati ya 50 na 60 na kitu. Balbu ya LED ya kawaida iliyo halali hutoa 80 hadi 100. Tyubu ya zamani ya wati 36 ikiwa nzima hutoa lumeni 2,500 au zaidi. Ukigawa kwa 36 unapata 69, namba nzuri, ila choki iliyo ndani ya boksi lake nayo inakula wati nane hadi kumi. Mita inaona wati 45 hivi, kwa hiyo ufanisi wake wa kweli ni 55.

Sasa tatizo la sebule ile linaonekana. Tyubu ilikuwa inatoa lumeni 2,500. Balbu ya wati 12, tukiipa 80 kwa kila wati, inatoa 960. Mwanga ulishuka chini ya nusu, hata kama boksi lilijaa maneno makubwa.

Anayenunua taa mpya aanze na lumeni za taa anayoiondoa, kisha atafute taa au kundi la taa zenye jumla hiyo hiyo. Wati zije mwisho, wakati wa kupiga hesabu ya LUKU. Sebule ya mama ni mita nne kwa nne, nasi tulilenga lumeni 2,400. Nitazipanga taa zinazopatikana madukani kwetu kwa lengo hilo, zikiwaka saa tano kila usiku, siku 30. Tuchukue uniti moja kwa shilingi 350 ili hesabu iende. Wewe weka bei unayolipa.

Ya kwanza: balbu tatu za LED za wati 9

Tafuta zilizoandikwa lm 800 au zaidi kila moja. Jumla ni lumeni 2,400 kwa wati 27. Kwa mwezi ni uniti nne na kidogo, kama shilingi 1,400.

Naziweka juu kwa sababu ya ufanisi, na zaidi kwa sababu ziko tatu. Mwanga unapungua haraka ukienda mbali na taa. Chukua balbu iliyo mita mbili juu ya usawa wa meza. Meza iliyo chini yake kabisa inapata mwanga wote unaoelekea pale. Isogeze meza hiyo mita mbili pembeni, na mwanga unaoifikia moja kwa moja kutoka kwenye balbu unabaki kama theluthi moja. Kwa sababu hiyo vyumba viwili vinaweza kuwa na lumeni sawa, kimoja kikawa na kona zenye giza na kingine kikaonekana sawasawa kote. Balbu tatu zilizogawanywa darini zinalainisha tofauti hiyo. Tena moja ikiungua hamlali gizani.

Gharama yake ni holda mbili za ziada, waya na ufundi. Kama nyumba yako inajengwa sasa, mwambie fundi aweke nafasi hizo kabla ya kupiga lipu.

Ya pili: tyubu ya LED ya futi nne, na balbu moja ya kuisaidia

Tyubu ya LED ya wati 18 hutoa lumeni kama 1,800. Ukiongeza balbu ya wati 9 upande wa pili wa chumba unafika 2,600 kwa wati 27 zile zile. Tyubu yenyewe ni ndefu, kwa hiyo inatandaza mwanga vizuri, na vivuli vyake si vikali.

Muuzaji atakwambia 18 inachukua nafasi ya 36 moja kwa moja. Kwa namba si kweli, 1,800 si 2,500. Ila ana ukweli kidogo: tyubu ya zamani inamwaga mwanga pande zote, na sehemu kubwa inaishia kwenye bati la boksi lake na dari yenye vumbi, wakati ya LED inaelekeza mwanga wake mwingi chini. Kwa jicho la mtu aliyeketi, pengo ni dogo kuliko namba zinavyoonyesha. Kwenye ukumbi mdogo au jikoni ningeifunga hiyo moja na kuridhika.

Fundi atatoa stata na kuiruka choki, na ni lazima asome mchoro uliobandikwa kwenye tyubu. Zipo zinazoingiziwa umeme ncha moja tu na zipo za ncha zote mbili. Ukizichanganya, zinapiga shoti.

Ya tatu: tyubu ya zamani, kama bado inawaka

Wati 45 kwa saa zile zile ni karibu uniti saba, shilingi 2,360 kwa mwezi. Tofauti na LED haifiki shilingi 1,000. Kama inawaka bila kupepesa na ncha zake hazijawa nyeusi, iache imalize maisha yake. Nisingenunua mpya. Umeme unapopungua nguvu, kama inavyotokea jioni watu wengi wanapowasha, choki inashindwa kuiwasha na stata inabaki ikigonga.

Ya nne: LED moja kubwa ya wati 30 katikati

Hizi zenye kichwa kipana zinapendwa sana kwenye mabanda ya chipsi. Ikiwa ya kweli, inatoa lumeni 2,400 hadi 2,700 na uniti nne na nusu kwa mwezi. Kwa lumeni inatosha kabisa. Naishusha kwa sababu inaumiza macho ukiitazama, na kona za chumba zinabaki nyuma kwa ile hesabu ya theluthi. Kwa uwani au varandani ningeipandisha juu.

Ya tano: enaji seva

Tatu za wati 14 zinakupa lumeni 2,400 kwa wati 42, uniti sita na kidogo. Zinachelewa kufikia mwanga wake kamili, na ndani zina zebaki, kwa hiyo ikivunjika fungua madirisha na usiokote vipande kwa mkono mtupu. LED imeshaipita kwa kila kitu.

Ya mwisho: balbu za waya

Mbili za wati 100 zinakupa lumeni 2,600. Zinakula uniti 30, shilingi 10,500 kwa mwezi, kwa chumba kimoja. Na umeme ukishuka kwa sehemu moja ya kumi tu, mwanga wake unapungua kwa karibu theluthi.

Balbu za kuchaji, zile zinazobaki zikiwaka umeme ukikatika, sikuziingiza kwenye mpango huu. Sehemu ya wati zake inakwenda kwenye betri, kwa hiyo lumeni kwa wati haiwezi kulinganishwa sawasawa, na umeme ukikatika mwanga wake unashuka sana. Nunua moja kwa ajili ya ukumbini, isihesabiwe katika lumeni za sebule.

Ukiwa dukani, geuza boksi utafute lm. Boksi lenye wati peke yake, au lenye maneno "sawa na wati 100" bila lumeni, lirudishe. Ukiziona zote mbili, gawanya: balbu ya LED ya dukani inayodai zaidi ya lumeni 150 kwa wati kwa bei ya chini, mimi siiamini. Angalia pia rangi, inayoandikwa kwa K. 6500K ni nyeupe ya ubuluu, 3000K ni ya njano. Nyeupe inalihadaa jicho lione kama linapata mwanga mwingi zaidi, kwa hiyo ukijaribisha balbu mbili dukani ziwe za rangi moja.

Nyumbani rudia jaribio la mita. Balbu moja ya wati 9 itakusimamisha karibu dakika saba, na mita nyingine hazishiki vizuri mzigo mdogo namna hiyo. Washa zote tatu kwa pamoja: wati 27 kwenye mita ya 1000 imp/kWh ni mpepeso mmoja kila sekunde 133. Mita yako ikiwa 1600, badala ya 3,600 gawanya 2,250 kwa sekunde zako.

Kwa mama wa Chikongola tulifunga balbu tatu za wati 9 kwa mstari, moja juu kabisa ya meza ya watoto. Nilikuwa nimepima pale mezani kwa programu ya simu inayosoma mwanga, kabla na baada, simu ile ile imelala mahali pale pale. Namba za simu haziaminiki zikisimama peke yake, lakini kwa kulinganisha zinafaa, nayo ilipanda zaidi ya mara mbili. Ukuta wa nyuma ni wa matofali ya saruji ambayo hayajapakwa rangi, yanakunywa mwanga. Nimemshauri aupake chokaa nyeupe kabla hajafikiria balbu ya nne.