Kujumlisha moja kwa moja au kwa makumi?

Chukua daftari la mauzo la duka la Kongowea. Safu ya mamoja ina 7, 8, 3, 6, 2, 4, 9, 5.

Ukishuka moja kwa moja, unabeba kichwani 15, 18, 24, 26, 30, 39, 44. Mteja akikuita ukiwa kwenye 26, unaanza upya.

Mimi natafuta makumi kwanza: 7 na 3, 8 na 2, 6 na 4. Hayo ni 30. 9 na 5 zilizobaki ni 14. Jumla 44: andika 4, peleka 4 safu ya makumi.

Hatari yake ni kuhesabu tarakimu mara mbili, hasa tarakimu za jozi zikiwa mbali na mwenzake. Kwa hiyo kata kila tarakimu kwa penseli papo hapo unapoihesabu. Isiyokatwa bado haijahesabiwa.